"Usimwamshe mteja aliyelala"

Mwezi huu nimeisikia mara tatu, na ya tatu nilishindwa kujizuia: "Mkataba unaisha Desemba, lakini nikimwandikia mapema nitamwamsha aanze kutafuta watoa huduma wengine. Bora nisubiri dakika za mwisho, atasaini kwa kukosa muda."

Sijui nani aliwafundisha watu hili. Kampuni si mtu mmoja, na aliyelala ni mara nyingi yule mnayekunywa naye chai. Idara ya ununuzi ina orodha ya mikataba na tarehe zake za mwisho. Idara ya fedha nayo inapanga bajeti ya mwaka ujao huku wewe ukijificha.

Aliyeniambia hivyo mara ya tatu anahudumia viyoyozi vya kampuni moja. Mwaka uliotangulia aliijaribu mbinu yake. Mkataba ulikuwa wa viyoyozi 40, unaisha 31 Desemba, na notisi ni siku 60. Aliandika barua tarehe 10 Desemba akiomba nyongeza ya asilimia 12. Meneja wa majengo, ambaye ndiye mtumiaji wa huduma, alikubali siku hiyohiyo. Lakini bajeti ilishafungwa Oktoba kwa bei ya zamani, hivyo nyongeza ilihitaji idhini ya mkurugenzi wa fedha, na mkurugenzi alikuwa likizo. Januari mafundi waliendelea na kazi kama kawaida. Ankara ya mwezi huo ikarudishwa, kwa sababu oda ya ununuzi ilikufa pamoja na mkataba. Februari, kwa vile bei ilizidi bajeti, ununuzi wakaitisha zabuni. Kwa hiyo mteja aliamshwa na ule ukimya wenyewe.

Kinachoniuma zaidi ni hesabu. Katikati ya mwaka ule mteja aliongeza viyoyozi 6, na mtu wetu akavihudumia bila kudai chochote. Kutoka 40 hadi 46 ni ongezeko la kazi la asilimia 15. Ukiomba asilimia 12 juu ya bei ya jumla, bei ya kila kiyoyozi imeshuka kwa karibu asilimia 2.6. Alikuwa anatoa punguzo, na barua yake ikasomeka kama ya mtu anayepandisha bei!

Ukweli ni kwamba unahesabu kurudi nyuma. Siku 60 kabla ya 31 Desemba ni 1 Novemba. Ila bajeti inafungwa kabla ya hapo, na barua itapita kwa mtumiaji, ununuzi, sheria na fedha, ambako kila meza inaweza kuikalia wiki mbili. Kwa mkataba kama huu mimi ningeipeleka wiki ya kwanza ya Septemba, nakala moja kwa mtumiaji na nyingine ununuzi, na ningeifungua hivi:

"Mkataba wetu wa matengenezo ya viyoyozi unamalizika 31 Desemba. Tunapendekeza kuuhuisha kwa miezi 12 kuanzia 1 Januari. Idadi ya viyoyozi imeongezeka kutoka 40 hadi 46. Bei ya jumla inapanda kwa asilimia 12, na bei ya kila kiyoyozi inapungua. Masharti mengine hayabadiliki. Pendekezo hili ni halali hadi 15 Oktoba."

Chini yake weka jedwali dogo: matembezi yaliyopangwa, yaliyofanyika, na hitilafu zilizoitwa nje ya ratiba. Kama kuna tembezi mlilokosa, liandike mwenyewe na useme lini lilifidiwa. Mteja analo kwenye kumbukumbu zake.

Dhana nyingine: "Mkataba unajiendeleza wenyewe." Unajiendeleza pale tu kifungu kinaposema hivyo, na hata hapo oda ya ununuzi huwa haijiendelezi. Soma kifungu, kisha uliza namba ya oda mpya.

"Bei tutaongea tukikutana." Hapana. Ofisa ununuzi hawezi kupeleka kikao kwenye kamati. Anapeleka karatasi yenye tarakimu.

"Ameshasema ndiyo kwenye simu." Nani kasema? Kama si mwenye mamlaka ya kusaini, hiyo ni salamu tu. Mtumie baruapepe siku hiyohiyo ukirudia mlichokubaliana, na umwombe akutajie nani anasaini.

Na ukiwa umeshachelewa, zimebaki wiki tatu, usipeleke kabisa bei mpya. Omba nyongeza ya muda ya siku 60 kwa bei na masharti ya zamani, isainiwe na pande zote mbili kabla ya tarehe ya mwisho, na oda ya ununuzi iongezwe muda huohuo. Fundi asipande ngazi Januari kabla hujaiona oda hiyo.