Waranti ya blenda: nani anachagua?

"Kadi ya waranti ni fupi, si unatafsiri neno kwa neno tu, basi?"

Maneno yatakuwa sahihi, ila haki inaweza kuhama mikono. Chukua kadi ya blenda. Ya Kiingereza inasema kampuni itatengeneza au kubadilisha kifaa, kwa hiari yake. Mtafsiri akaandika: "Bidhaa itatengenezwa au kubadilishwa kwa hiari." Hiari ya nani? Mama aliyeinunua atasimama kaunta akidai mpya, na kadi inamuunga mkono. Halafu "kubadilishwa" kwaweza kumaanisha kupewa nyingine, au kubadilishiwa kipuri tu. Mimi ningeandika: "Tutaitengeneza bure au tutakupa nyingine ya aina hiyohiyo. Uamuzi ni wetu."

Vighairi navyo vina mtego wake. "Waranti haihusu jagi na mota iliyoungua" inaacha swali: je, jagi halilipiwi kamwe? Tenganisha: "Hatulipii jagi, hata likipasuka lenyewe. Mota hatuilipii ikiwa imeungua kwa sababu ya kuzidishiwa mzigo." Ni ndefu, lakini hakuna wa kubishana.

Kwenye kurudisha bidhaa, "ndani ya siku 7" haitoshi. Zinahesabiwa tangu kulipa au tangu kupokea? Mzigo wa basi unaweza kumaliza siku 3 njiani.

Na ile sentensi ya mwisho, kwamba waranti haipunguzi haki za mnunuzi kisheria, wengi huiruka wakidhani ni pambo. Iache. Bila hiyo, msomaji ataamini kadi ndiyo haki yake yote.