Homa baada ya safari si "kubadili hewa"

"Nimerudi Dar wiki tatu zilizopita baada ya kukaa Mumbai miezi minane. Tangu juzi nina homa na baridi kali. Mama anasema ni kubadili hewa tu, nisubiri mwili uzoee. Ni kweli?"

Pole sana. Hewa ya Dar haileti homa ya kutetemeka, kwa hiyo nenda hospitali leo hii.

Ukifika, anza na tarehe: siku uliyoondoka Mumbai na siku homa ilipoanza. Dengue huchukua siku 4 hadi 10 tangu kuumwa na mbu, mara chache hufika 14. Ukiugua baada ya wiki tatu, dengue ya Mumbai haihusiki, ingawa ya hapa Dar inawezekana.

Malaria ni habari nyingine. India kuna vimelea vya malaria aina ya vivax, ambavyo hujificha kwenye ini hata miezi kadhaa. Huku kwetu malaria nyingi ni ya aina nyingine, falsiparamu, na baadhi ya vipimo vya haraka hutambua hiyo peke yake. Kipimo kikisema huna, taja India tena na uombe damu iangaliwe kwa darubini.

Vivax ikionekana, dawa ya mseto itasafisha damu, lakini iliyolala kwenye ini huhitaji dawa nyingine, primakwini. Kabla ya kuimeza upimwe kimeng'enya cha G6PD, maana kikipungua, dawa hiyo huvunja chembe nyekundu za damu.

Mweleze pia daktari dawa zozote ulizokwisha kumeza, hata dozi nusu ya dukani: huweza kuficha vimelea.