Reti ya siku ya frilansa Malindi: kwa nini elfu tatu ni hasara

Kila msimu ukikaribia naulizwa swali hilihili na vijana wa kamera hapa Malindi, "nimtoze ngapi kwa siku?", na kila mmoja anakuja na jibu lake kashalibeba, alilolipata kwa rafiki ambaye naye alilipata kwa rafiki. Haya, tuyachambue hayo majibu. Mfano wetu uwe kijana wa Shella anayepiga picha na video za hoteli na villa, kuanzia Casuarina mpaka Watamu, na anataka abaki na elfu 60 mkononi kwa mwezi, yaani 720,000 kwa mwaka, pesa ya kula na kodi ya nyumba na watoto, baada ya kila kitu.

Dhana: chukua mshahara gawa kwa siku 22, hiyo ndiyo reti yako

Hii ndiyo maarufu na ndiyo inayomaliza watu. Mtu anasikia mwenzake aliyeajiriwa achukua elfu 60, anagawa kwa 22, anapata 2,700 na kitu, anaifanya 3,000 halafu ajiona kaongeza. Meneja naye anatabasamu, si bure, kwa sababu yeye anajua mwajiriwa wa mkataba hamgharimu 60 peke yake. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa siku 21 za likizo ya kulipwa kwa mwaka, sikukuu analipwa, akiugua kuna siku zake, na kamera ikianguka ni ya hoteli. Wewe vyote hivyo watoa mfukoni mwako.

Sasa tuhesabu siku, na hapa usiwe na haraka maana hesabu yote imelalia hapa. Mwaka una siku 365. Toa siku mbili za mapumziko kila wiki, zabaki 261. Toa sikukuu kama 12, toa likizo 21 (ndio, wewe pia ni mtu), toa 7 za homa na misiba na kupeleka mtoto hospitali, tumefika 221. Halafu kila wiki kuna siku nzima inayokwenda bila malipo, kuandika kotesheni, kufuatilia deni, kwenda kuonana na meneja mpya Watamu ambaye pengine hatakupa kazi. Hizo ni 44 hivi, zabaki 177.

Halafu yaja masika. Mvua ya Aprili na Mei ikishika na kusi inavuma, hoteli nyingi zafunga au zabaki na walinzi na mafundi rangi, wenye villa washarudi kwao Italia, na hata ukipata kazi bahari ni chafu, ina mwani, picha haziuziki. Weka siku 45 za kukaa. Nyengine 22 zatawanyika mwaka mzima, harusi iliyoahirishwa, mawingu, mteja anayesema "tutakwambia" halafu hakwambii. 177 toa 67 ni 110.

Mia moja na kumi. Hizo ndizo siku ambazo kuna mtu wa kuzilipia, na humo ndani nimehesabu siku za kuediti pia, kwa hivyo kama wewe watoza siku ya kushuti peke yake halafu waediti siku mbili bure nyumbani, hesabu yako ni mbaya zaidi kuliko hii.

Frilansa wa elfu tatu basi, siku 110, anapata 330,000 kwa mwaka mzima. Ukiigawa kwa mwezi mmoja mmoja, ni 27,500, na bado hatujagusa gharama.

Dhana: kamera nishanunua, haina gharama tena

Gharama ipo, ni vile tu haikutumii bili. Kamera, lenzi mbili, laptopu, taa, mikrofoni, vyote pamoja tuseme vimemgharimu 600,000. Nairobi labda angevisukuma miaka sita. Huku pwani mimi naweka minne, kwa sababu hewa ya chumvi yala skrubu na maungio ya umeme, mchanga mwembamba waingia kwenye pete ya zumu, na unyevu walea ukungu ndani ya lenzi. Wa mwisho huo huuoni mpaka uchelewe. Chukua tochi ya simu, ipitishe kwenye lenzi upande wa nyuma, uangalie kwa mbele: ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, ushaingia. Picha zaanza kuwa na weupe hafifu hasa ukipiga kuelekea jua, na wengi wadhani ni jua tu. Boksi la plastiki linalofunga vizuri na pakiti za silika, ambazo wazikausha zikilowa, lapunguza, halimalizi.

600,000 kwa miaka minne ni 150,000 kila mwaka. Ongeza ukarabati na kusafishwa lenzi 30,000, intaneti 36,000, softiwea na diski za kuhifadhi 40,000, umeme 20,000, tuktuk na matatu za kutafutia kazi 24,000. Jumla 300,000. Zile safari za kazi yenyewe usizitie humu, hizo zinaandikwa mbali kwenye invoisi na analipa mteja.

Yule wa 330,000 sasa kabaki na 30,000. Kwa mwaka.

Na risiti ziweke, tafadhali. Tangu Januari 2024 KRA wanataka gharama iwe na invoisi ya eTIMS, ule mfumo wao wa invoisi za kielektroniki, ndipo waikubali kupunguza faida yako, kwa hivyo lenzi uliyonunua kwa mtu barabarani bila karatasi ni gharama kwako ila mbele ya KRA haipo.

Dhana: hoteli imeshanikata asilimia 5, kodi nimemaliza

Hapana bwana. Ile asilimia 5 wanayokata kwa malipo ya huduma za kitaalamu ni malipo ya mbele tu, yaingia iTax kwa jina lako kama akiba, na mwisho wa mwaka yatolewa kwenye kodi kamili. Kuna na wanaosema frilansa alipa asilimia 3 ya tova, yaani ya mapato yote kabla ya kutoa gharama, basi. Kodi ya tova ipo, ya biashara zinazoingiza zaidi ya milioni moja mpaka milioni 25 kwa mwaka, lakini ada za kitaalamu zimetolewa humo kisheria, na hoteli ikikukata ile 5 maana yake imeshakuhesabu kwenye ada za kitaalamu.

Kwa viwango vya 2025, 288,000 za kwanza za mwaka zatozwa asilimia 10, 100,000 zinazofuata asilimia 25, na kutoka hapo asilimia 30 mpaka ufike milioni 6, halafu wapunguziwa 28,800 ya nafuu binafsi. Kijana wetu ili abaki na 720,000 yataka apate faida kama 940,000. Mtoe 40,000 za SHIF na makato ya nyumba, kodi yaja 178,600 hivi, anabaki na 721,000 na kitu. Tumefika.

Sasa angalia mtego. Mapato yake yote, faida na gharama pamoja, ni 1,240,000. Hata kila mteja akimkata 5, hiyo ni 62,000 tu. Deni bado ni zaidi ya 116,000, na wateja wengine, kama familia ya harusi, hawakukati kitu, kwa hivyo lazidi. Na kodi yako ikifika 40,000 kwa mwaka KRA hawangoji mwisho, wanataka awamu nne: tarehe 20 ya Aprili, Juni, Septemba na Disemba. Yaani mbili kati ya nne zaangukia palepale masika na kusi, ukiwa umekaa barazani huna kazi. Aliyepanga kalenda ile sidhani alikuwa mtu wa pwani. Dawa ni moja, kila malipo yakiingia msimu wa kaskazi, kuanzia Disemba mpaka Machi, kata asilimia 15 siku hiyohiyo uipeleke akaunti nyengine ambayo haiko kwa simu.

Haya, gawa. 1,240,000 kwa siku 110 ni 11,273. Hiyo ndiyo sakafu, chini yake wajilipia kazi mwenyewe. Mimi ningeandika 12,000, maana mteja mmoja asiyelipa ala siku tatu nne kwa mara moja.

Dhana: elfu 12 hakuna atakayelipa Malindi

Wengine kweli hawatalipa, na mteja wa picha tano za menyu hafai kuuziwa siku nzima. Lakini mara nyingi mteja hakatai bei, akataa asichokielewa. Ukimwambia "siku moja, elfu 12" yeye aona masaa sita ya wewe kuzunguka na kamera. Ukimwambia siku mbili, moja ya kushuti na moja ya kuediti, picha 40 zilizokamilika za vyumba na bwawa, 24,000, yeye agawa mwenyewe anaona picha moja ni 600. Hesabu ni ileile.

Nusu siku nayo usiiuze kwa nusu bei. Ukienda Watamu asubuhi ukarudi saa nane, siku ile hutaiuza tena kwa mtu mwengine. Mimi naona asilimia 65 ndiyo haki, kama 7,800.

Dhana: wakati wa kusi, bora elfu tano kuliko kukaa

Hapa kuna ukweli kidogo ndani yake. Zile siku 45 tumeshazihesabu ni za kukaa, zimelipwa na siku nyengine, kwa hivyo kazi ya Mei hata ya elfu 8 ni nyongeza halisi. Lakini hiyo ni kweli kama tu reti yako ya msimu ilihesabiwa hivyo. Aliyepanga kwa siku 22 za mwezi akipunguza Mei ajikata mara mbili.

Tena hoteli ina kumbukumbu. Meneja aliyekulipa elfu 5 Mei, Disemba akupigia akitaka elfu 5. Kwa hivyo badala ya kushusha reti ongeza kitu: bei ileile lakini video fupi juu yake, au picha kumi zaidi. Ikiwa lazima ushushe, invoisi ionyeshe 12,000, na mstari chini yake punguzo la masika na tarehe linapoisha.

Na ukiitwa Lamu, siku ya kwenda na siku ya kurudi ni siku. Barabara mpaka Mokowe, halafu boti, hiyo siku haina kazi nyengine itakayoingia. Toza nusu reti kila upande, mbali na nauli, na uandike kwenye kotesheni kabla hujakata tiketi, kwa sababu ukilitaja jambo hilo baada ya kazi utaambiwa "kwani si ulikuwa watembea?"