Maumivu ya muundi: kwa nini huanza pumzi ikishafunguka

Muundi ni ule mfupa mrefu wa mbele ya mguu, kutoka chini ya goti hadi kwenye kifundo. Anayeanza mbio akilalamika kwamba muundi unamuuma, mwambie apitishe kidole gumba kwenye ukingo wake wa ndani, upande unaotazamana na mguu mwingine, akishuka taratibu. Akifika sehemu ya chini atashtuka, na maumivu yatakuwa yametandaa sentimita 5 au zaidi.

Wengi hudhani ni uchovu wa misuli tu. Misuli ya shavu la mguu inahusika kweli, maana ikichoka humwachia mfupa mzigo mkubwa zaidi. Lakini anayezidiwa hasa ni mfupa wenyewe na utando unaoufunika. Kila unapotua, muundi hupinda kidogo mno. Mwili ukiona unapindwa sana, huanza kuukarabati: kwanza huchimba sehemu zilizochoka, kisha hujaza mfupa mpya. Kuchimba ni kazi ya wiki chache, kujaza ni ya miezi. Kwa hiyo kuna kipindi hapo katikati ambapo muundi ni dhaifu kuliko siku ulipoanza mazoezi. Kwa bahati mbaya, ndicho kipindi ambacho pumzi imeshafunguka na mtu anajiona ana nguvu za kuongeza.

Ndivyo ilivyomkuta kijana ninayekimbia naye. Alianza na kilomita 3, mara tatu kwa wiki. Wiki ya tatu, kwa kuwa hahemi tena, akaenda kilomita 5 kwa siku tano, zote kwenye lami. Kilomita moja ya mbio za taratibu ni kama hatua 1,000, yaani kila mguu unatua mara 500. Mguu wake uliozoea kutua mara 4,500 kwa wiki ukapewa 12,500. Mwanzoni maumivu yalikuja dakika za kwanza, yakapotea mwili ulipopata moto, na hilo likamdanganya aendelee. Baadaye yakawa hayaondoki hata akitembea.

Alisimamisha mbio wiki mbili akiendesha baiskeli, kisha akarudi na kilomita 2 siku moja, siku inayofuata anapumzika. Barafu ilimtuliza, lakini haijazi mfupa. Raba mpya nazo hazimwokoi anayeongeza umbali namna ile.

Ninachohofia zaidi ni maumivu yanayokusanyika mahali pamoja, kiasi cha kuyafunika kwa ncha ya kidole, yanayoamsha usiku au yanayokuzuia kuruka kwa mguu mmoja. Huo huenda ni ufa kwenye mfupa. Mtu huyo aache kukimbia mara moja na aende hospitali, na eksirei ikionyesha mfupa mzima amweleze daktari dalili zote hizo, kwa sababu katika wiki za mwanzo ufa wa namna hiyo mara nyingi hauonekani kwenye picha.