Kwa nini Ngamia-1 kilipata mafuta na Ekosowan-1 kikaambulia madoa

Machi 2012, kisima cha Ngamia-1 katika bonde la Lokichar Kusini, Kaunti ya Turkana, kilikuta mafuta, na uchimbaji ulipoendelea ikaonekana kuwa matabaka ya mchanga yenye mafuta yana jumla ya unene wa zaidi ya mita 100. Mwaka 2014 kisima cha Ekosowan-1, katika bonde hilohilo, kilipita kwenye mita 900 za mwamba wenye dalili za mafuta karibu mfululizo, lakini hapakuwa na mafuta ya kuchota. Bonde ni moja na chanzo ni kilekile. Kilichotofautiana ni kile mafuta yalichokikuta mwishoni mwa safari yao.

Tuondoe kwanza dhana ya ziwa jeusi lililofichwa ardhini. Mafuta hukaa ndani ya vinyweleo vya mwamba, katika nafasi ndogo kati ya chembe na chembe, na karibu kila mara nafasi hizo zilikuwa zimejaa maji kabla ya mafuta kufika. Bila kuyakumbuka maji hayo, safari nzima haieleweki.

Lokichar Kusini ni bonde lililoinama upande mmoja. Upande wa magharibi ulididimia kando ya mpasuko mkubwa wa ardhi, wa mashariki ukabaki juu. Mamilioni ya miaka iliyopita palikuwa na maziwa hapo. Mwani ulikufa ukazama, na kwa kuwa maji ya chini hayakuwa na oksijeni, haukuoza wote. Ulifunikwa na tope laini. Tope hilo likashikana likawa mwamba tope wenye kerojini, yaani mabaki ya viumbe yaliyogandamana ambayo bado si mafuta. Huo ndio mwamba chanzo. Ukiwa na kaboni ya viumbe chini ya asilimia 1 hivi, kwa kawaida hautarajiwi kutoa mafuta ya maana.

Kinachofuata ni joto. Tuchukue nyuzi 30 za Selsiasi juu ya ardhi na ongezeko la nyuzi 30 kwa kila kilomita ya kina: kwenye kilomita 2.5 tunafika nyuzi 105. Kerojini huanza kugeuka mafuta kati ya nyuzi 60 na 120, na ile ya mwani wa ziwani huelekea kuchelewa, ikihitaji joto la juu zaidi. Mwamba usiozikwa vya kutosha hubaki na kerojini yake. Uliozikwa mno hutoa gesi. Mwani wa ziwani pia ndio sababu mafuta ya Turkana yana nta nyingi na huganda katika joto la kawaida, hata yakalazimika kusafirishwa hadi Mombasa yakiwa yametunziwa joto.

Kwamba chanzo kipo Lokichar kilijulikana mapema. Kisima cha Loperot-1, kilichochimbwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, kilikuta mwamba tope wa ziwa na kutoa lita chache tu za mafuta yenye nta. Hakikuwa na faida ya kibiashara, na wengi wangekiita kisima cha hasara. Kwa maoni yetu, lita zile zilikuwa na thamani kubwa: zilithibitisha kuwa jiko lilikuwa limewaka, na kilichobaki ni kutafuta yalikoenda mafuta.

Kerojini inapogeuka mafuta, shinikizo ndani ya mwamba tope hupanda na kuyasukuma nje hadi kwenye tabaka la mchanga lililo jirani. Humo mafuta, kwa kuwa ni mepesi kuliko maji, huanza kupanda. Lakini hayapandi bure. Ili kupita kutoka kinyweleo kimoja hadi kingine lazima yasukume maji kwenye upenyo mwembamba kati ya chembe. Mchanga wenye chembe kubwa zilizochambuka una upenyo mpana, kwa hiyo mafuta hupita. Mwamba tope una upenyo mwembamba mno, hivyo mafuta hukwama chini yake na kuteleza kandokando kufuata mwinuko. Njia nzima huachwa na mabaki yaliyong'ang'ania vinyweleo, na sehemu kubwa ya mafuta hupotea hivyo.

Mwamba unaoyazuia ndio kizibo, na uwezo wake una kikomo kinachoweza kukokotolewa. Tuseme kizibo kinahimili shinikizo la paskali milioni 1 kabla ya mafuta kupenya. Mita ya ujazo ya maji ina kilo 1,000, ya mafuta kilo 800. Tofauti ni kilo 200. Gawanya milioni 1 kwa zao la 200 na 9.81: unapata mita 510 hivi. Huo ndio urefu wa safu ya mafuta ambayo kizibo hicho kinaweza kushikilia. Gesi katika kina cha wastani inaweza kuwa na kilo 150 tu, tofauti ikawa 850, na kama kikomo cha shinikizo kingekuwa kilekile, kizibo kingeshikilia takriban mita 120. Safu ikizidi hapo, kizibo huanza kuvuja hata kama hakina ufa wowote.

Bado panahitajika umbo la kuyakusanya. Sehemu zenye mafuta za Ngamia, Amosing, Twiga na Ekales zimejipanga kando ya mpasuko wa magharibi. Matabaka ya mchanga yameinuka kuelekea mpasuko, na pale mpasuko ulipoukutanisha mchanga na mwamba usiopitisha, mafuta yalisimama. Mtego huo ni lazima uwe umekamilika kabla mafuta hayajapita, kwa maana ukijengeka baadaye utajaa maji tu.

Sasa Ekosowan-1. Dalili zile za mita 900 zilikuwa chini ya kizibo kizuri, kwa hiyo chanzo, safari na kizibo vyote vilifanya kazi. Kilichokosekana ni mwamba hifadhi: mchanga ulikuwa umebana. Karibu na mpasuko mkubwa, mito ya msimu humwaga kwa pamoja kokoto, mchanga na tope kutoka mlimani, na tope huziba nafasi kati ya chembe. Ukisogea mbali kidogo, maji huwa yameshazichambua chembe. Hivyo ukikaribia mpasuko mtego huwa bora, lakini mchanga huelekea kuwa duni, na mchimbaji anapaswa kupata mahali pa katikati.

Vipande vya mwamba vinavyopanda na tope la uchimbaji huwekwa chini ya taa ya urujuanimno, na mafuta hung'aa. Mng'ao huo hauthibitishi ugunduzi, kwani mabaki ya njiani au ya mtego uliovuja nayo hung'aa vilevile. Kinachotofautisha ni kupima shinikizo kwenye vina kadhaa. Katika maji, shinikizo huongezeka kilopaskali 9.8 hivi kwa kila mita. Katika mafuta ya mfano wetu, 7.8 tu. Vipimo vikifuata mstari wa 7.8, kuna mafuta yaliyoungana katika vinyweleo na yanaweza kutiririka. Shinikizo kileleni mwa safu ya mafuta likizidi la maji ya kina hicho kwa kilopaskali 100, gawanya kwa tofauti ya 2 kwa mita: safu hiyo ina mita 50 hivi, na mpaka wa mafuta na maji unakadiriwa kabla haujafikiwa.

Hesabu hiyo ni ya tabaka moja. Mahali kama Ngamia, ambapo mchanga na mwamba tope vimepishana mara nyingi, kila tabaka linaweza kuwa na kizibo chake na mpaka wake wa maji. Ndiyo maana ugunduzi ulifuatwa na visima vingine vya tathmini, na vipimo vikarudiwa tabaka kwa tabaka.