Kadi za kujisomea: kunakili slaidi siyo kuelewa

"Ukihamisha slaidi za lekcha zote kwenye kadi neno kwa neno, ukazikariri, topiki umeishika."

Inaeleweka kwa nini wengi tunaamini hivyo, maana ukigeuza kadi na jibu likakutoka palepale unajiona uko fiti, kumbe mara nyingi ubongo umezoea tu sura ya ile sentensi. Chukua slaidi ya osmosisi. Kadi ya kunakili inauliza "osmosisi ni nini?" basi. Mimi ningeandika: "Kipande cha kiazi kimekaa kwenye maji ya chumvi nyingi saa nzima, kitakuwaje na kwa nini?" Jibu: kinalegea, kwa sababu maji yametoka kwenye seli kupitia utando kwenda kwenye chumvi nyingi. Kadi ya pili inageuza: je, kwenye maji matupu? Hapo kinakakamaa.

Kujipima, kaa siku mbili bila kugusa slaidi halafu jiulize mfano ambao haumo, mfano kwa nini kachumbari ikitiwa chumvi inachuruzika maji. Definisheni imetoka ila kachumbari imekushinda? Hiyo kadi iandike upya. Majina na fomula lakini, hayo kariri tu.