0.8 si asilimia 80 ya darasa

Mwalimu wa Kisauni, Mombasa, anauliza: “Uhusiano wa nafasi za hesabu na sayansi umetoka 0.8. Basi asilimia 80 ya wanafunzi wangu wameshika nafasi ileile?”

La, mwalimu. Chukua wanafunzi watano. Kwenye hesabu ni wa 1, 2, 3, 4, 5. Kwenye sayansi, kwa mfuatano huohuo, ni wa 2, 1, 3, 5, 4. Tofauti za nafasi, d, ukizipiga kipeo cha pili zinakuwa 1, 1, 0, 1, 1. Jumla ni 4. Kanuni ya Spearman ya uhusiano wa nafasi, n ikiwa idadi ya wanafunzi na Σd² ikiwa jumla hiyo, ni hii:

1 − 6Σd² / (n(n² − 1))

Yaani 1 − 24/120 = 0.8. Na aliyebaki pale pale ni mmoja tu kati ya watano! Kipimo hutazama nafasi zimesogea umbali gani, wala hakihesabu waliobaki. Alama zenyewe hakizioni: wa kwanza wa sayansi huenda amepata 39.

Tena watano ni wachache mno. Mipangilio yote ya nafasi ni 120, na 8 kati yake hutoa 0.8 au zaidi kwa bahati tu. Ingiza darasa zima.